Tango ni Tunda ama Mboga? Pasua Moja Ucheki Mbegu, Kesi Iishe Hapo Hapo

Wasee, hii mada haiishangi. Iko kwa base, iko kwa kibanda, iko kwa ile meza ya familia Krismasi. Mmoja anasema tango ni mboga juu linauzwa na mama mboga. Mwingine anakumbuka kitu alifunzwa shule na kusema ni tunda. Wanabishana hadi kachumbari inaisha na hakuna mtu ameshinda.

Jibu fupi ni hili: kwa mwanasayansi wa mimea, tango ni tunda, tena bila mjadala. Kwa mpishi na kwa mtu wa forodha, tango ni mboga. Hakuna anayedanganya. Ila ukitaka kujua kwa nini sayansi imesema tunda, na uweze kumwonyesha mbishi kwa macho yake badala ya kumpigia kelele, lazima uingie ndani ya hilo tango ucheki mbegu. Mbegu ndizo hakimu. Na ukishaelewa vile zinafanya kazi, utajua pia kwa nini matango mengine hujipinda kama ndoano, na kwa nini mbegu za tango la supamaketi ukizipanda hazioti.

Tunda ni kuzaliwa, mboga ni kazi

Tuanze na hapa, juu ndipo wengi huchanganyikiwa. Watu hudhani tunda na mboga ni timu mbili, yaani ukiwa Gor huwezi kuwa Ingwe. Si hivyo.

"Tunda" katika sayansi ni neno la kuzaliwa. Linakuambia hiyo kitu ilitoka sehemu gani ya mmea. Ndani ya ua kuna kijumba kinaitwa ovari, na ndani ya ovari kuna vidoti vidogo ambavyo vikirutubishwa vitageuka kuwa mbegu. Ovari ikikua na kuvimba ikiwa imebeba hizo mbegu, hiyo ndiyo tunda. Haijalishi ni tamu ama ni chachu, wala kama unaila na chumvi ama na sukari.

"Mboga" nayo ni neno la kazi. Ni kitu unapika ama unakata kusindikiza ugali, wali ama chapo. Sayansi ya mimea haina kundi linaitwa mboga. Sukuma wiki ni majani. Karoti ni mzizi. Waru ni shina lililonenepa chini ya udongo. Koliflawa ni maua ambayo hayajafunguka. Zote zinatoka sehemu tofauti kabisa za mmea, lakini jikoni zimeajiriwa kazi moja.

Kwa hivyo kuuliza kama tango ni tunda ama mboga ni kama kuuliza kama huyo jamaa ni dere wa mat ama ni kijana wa Mama Otis. Anaweza kuwa vyote viwili. Moja ni mahali alitoka, nyingine ni kitu anafanya kuanzia asubuhi.

Cheki ua kwanza

Ukipata shamba la matango, hata kama ni mimea miwili mitatu kwa gunia, enda uangalie maua yake ya manjano. Utaona ni ya aina mbili.

Ua la kiume limekaa juu ya kikonyo chembamba, basi. Kazi yake ni kutoa chavua, ule unga wa manjano. Halizai kitu. Kwa mimea mingi ya matango, haya ndiyo hutokea kwanza, na wakulima wageni hushtuka wakiona maua yamejaa na hakuna tango hata moja. Tulia, wasichana wako njiani.

Ua la kike hulikosi. Nyuma ya petali zake kuna kitango kidogo cha kijani, kama ncha ya kidole cha mtoto, tena chenye vijinywele. Hicho ndicho ovari. Yaani tango liko pale hata kabla ua halijafunguka, likingoja tu kuambiwa likue ama lisikue. Na juu ovari imekaa nyuma ya petali, ua likishanyauka hubaki kwa ncha ya mbele ya tango. Ukichukua tango lolote sokoni, upande mmoja una alama ya kikonyo mahali lilikatwa, na upande wa pili una kakovu kadogo. Hako kakovu ndiko ua lilikuwa. Ni kama kitovu. Karoti haina hiyo alama, sukuma haina, juu hazikutoka kwa ua.

Huo ndio ushahidi wa kwanza. Sasa tupasue.

Pasua tango moja, hatua kwa hatua

Chukua tango moja la kawaida, lile la kachumbari. Likate katikati kwa upana, kama unakata kipande cha duara. Angalia vizuri kabla hujaweka chumvi.

Katikati utaona sehemu tatu zimepangwa kama pembetatu, kila moja na mbegu zake. Hiyo si sadfa. Ovari ya tango imeundwa na vyumba vitatu vilivyoungana, na hata ile sehemu ya ua la kike inayopokea chavua ina vipande vitatu. Tango limekua hadi likawa refu kuliko kiganja chako, lakini ramani ya ua bado iko ndani.

Halafu chukua nusu ya pili uipasue kwa urefu. Utaona mbegu zimejipanga kwa mistari, kuanzia karibu na kikonyo hadi karibu na kile kitovu, na zimezungukwa na maji maji ya utelezi. Kila mbegu imeshikwa na nyama ya tango, haijaelea tu. Hapo ilikuwa inalishwa, kama mtoto kwa tumbo la mama.

Ukifika hapo umemaliza kesi. Kitu kilichotoka kwa ovari ya ua, kina vyumba vya ovari, na kimebeba mbegu ndani, ni tunda. Ukitaka kumaliza mbishi kabisa, mwambie tango liko kwa jamii ya beri, kwa kundi la yale yenye ganda gumu kiasi nje na nyama ndani. Wataalamu huliita kundi hilo pepo, na si ile ya kukemewa kanisani. Tikiti maji liko hapo. Malenge liko hapo. Yaani tango na tikiti ni mabinamu wa damu, ila mmoja akaenda kwa saladi na mwingine akaenda kuuzwa vipande stendi.

Sasa mbishi atakuambia: "Na yale hayana mbegu?"

Hili ni swali la maana, na usilikimbie. Kuna yale matango marefu yanalimwa kwa grinihausi, yenye ganda laini, mengine yakiwa yamefungwa kwa karatasi ya plastiki. Ukipasua unakuta mbegu kidogo sana ama vijikovu vyeupe tu. Kama mbegu ndizo hakimu, je, hayo si matunda?

Ni matunda. Hayo ni ya aina ambayo ovari yake inaweza kukua bila ua kurutubishwa. Mmea wenyewe unatoa ile homoni ya kukuza tango, haungoji mbegu zianze kuidai. Lakini bado ni ovari iliyokua, bado kuna vyumba vitatu, na bado pale mbegu zilipaswa kukaa kuna vidoti. Kiti kiko, mgeni ndiye hakuja.

Mfano unaujua vizuri ni ndizi. Hakuna mtu hubishana kama ndizi ni tunda, na hauli mbegu ndani. Ukikata ndizi ya kuiva utaona vidoti vyeusi katikati. Hizo ni mbegu ambazo hazikufaulu. Kwa hivyo tusiseme "tunda ni kitu chenye mbegu" tukafunga daftari. Sema hivi: tunda ni nyumba iliyojengewa mbegu, hata kama mpangaji hakuhamia.

Na kwa hayo matango ya grinihausi, kuna kitu kinachekesha. Mkulima hapo hataki nyuki kabisa. Nyuki akiingia na chavua kutoka matango mengine ya nje, maua yatarutubishwa, mbegu zitaanza kukua, na tango litavimba upande mmoja kama chupa. Kwa soko la matango malaini, hiyo ni hasara.

Mbegu ndizo huamua umbo, na umbo ni doh

Kwa yale matango ya kawaida yanayolimwa nje, mambo ni kinyume. Bila nyuki hakuna biashara, na sababu ni mbegu.

Iko hivi. Ua la kike mara nyingi hufunguka siku moja tu. Hiyo siku, chavua lazima itoke kwa ua la kiume ifike kwa ua la kike. Chavua ya tango ni nzito na inanata, kwa hivyo upepo hauwezi hiyo kazi. Nyuki ndiye anabeba, na akija mara moja haitoshi. Anahitajika kurudi mara kadhaa ili chavua iwe nyingi na ienee kwa vile vipande vyote vitatu.

Kila mbegu iliyorutubishwa huanza kutoa homoni inayoambia nyama iliyo karibu nayo ikue. Fikiria kila mbegu ni kama mtoto analia akitaka chakula. Mahali watoto wanalia, chakula kinaletwa na nyama inanenepa. Mahali hakuna mtoto, hakuna kinacholetwa. Sasa kama mbegu zimerutubishwa upande mmoja tu, upande huo utanenepa na mwingine utabaki mwembamba. Hapo ndipo unapata tango lenye kichwa kikubwa na mkia mwembamba, ama lililojipinda kama ndoano. Na kama hakuna mbegu iliyorutubishwa kabisa, kile kitango kidogo nyuma ya ua hugeuka manjano, kinasinyaa na kuanguka.

Mkulima akileta hayo matango yaliyojipinda kwa mnunuzi wa hoteli ama wa supamaketi, mengi yanakataliwa. Si eti ladha imeharibika. Ukiyakata kwa kachumbari huwezi jua tofauti. Lakini hayapangiki kwa kreti na hayavutii kwa rafu, kwa hivyo yanaishia kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Ukitaka kujua kama shida ni nyuki ama ni kitu kingine, rudi kwa mbegu. Pasua lile tango lililojipinda kwa urefu. Kama upande mwembamba una mbegu bapa ama tupu, na upande mnene una mbegu zilizojaa, basi chavua haikufika vizuri. Kama mbegu zimejaa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho na bado limejipinda, tafuta kwingine: labda maji yalikosekana wakati wa kukua, ama tango lilikua likiwa limebanwa na waya, udongo ama shina.

Na kama ni nyuki, swali la kwanza ni hili: dawa ya wadudu inapigwa saa ngapi? Maua ya matango hufunguka asubuhi, na huo ndio wakati nyuki wako kazini. Ukinyunyiza dawa ya kuua wadudu hiyo saa, unaua wafanyikazi wako mwenyewe. Ndiyo maana wakulima waliochanuka hunyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamerudi kwa mizinga. Mwenye mimea michache kwa balkoni anaweza hata kufanya kazi ya nyuki: chuna ua la kiume asubuhi, toa petali zake, kisha pakaza ile chavua katikati ya ua la kike. Rudia na ua la pili. Ni kazi ya dakika mbili.

Kwa nini mbegu za tango la kachumbari hazioti

Hapa kuna ujanja mmoja ambao tango limetuficha. Karibu kila tunda unalojua, unalila likiwa limeiva. Embe likiwa gumu na la kijani unalipa muda. Tango tunalila likiwa changa.

Tango la kijani huvunwa kama wiki moja hadi mbili baada ya ua kufunguka. Wakati huo mbegu ni laini, nyeupe, na unazitafuna bila hata kujua. Bado ni watoto. Ukizitoa ukaziweka kwa udongo, zitaoza tu. Hazijamaliza kuumbwa.

Mmea wenyewe haukuwa umepanga tango liishie hapo. Ukiliacha kwa mmea wiki tano ama sita hivi, litanenepa, ganda litakuwa gumu, na rangi itageuka manjano, rangi ya chungwa ama kahawia kulingana na aina. Nyama inakuwa chachu na hakuna mtu atalitaka kwa saladi. Lakini mbegu sasa zimekuwa ngumu na zimejaa. Hapo ndipo tango limeiva kikweli, kwa lugha ya mmea. Ndiyo maana ukiliona tango la manjano kwa kibanda, ujue mbegu zimeanza kuchukua usukani: zinajijenga, na ladha yako si shida yao.

Ukitaka mbegu za kupanda, chukua hilo tango lililozeeka kwa mmea. Kwangua mbegu pamoja na utelezi wake uweke kwa glasi na maji kidogo. Acha siku moja hadi tatu, ule utelezi uvunde na kuachana na mbegu. Ongeza maji: zilizojaa huzama, tupu huelea. Mwaga zinazoelea, osha zilizobaki, kisha anika kivulini hadi zikauke. Lakini jua hili: kama tango lilitoka kwa mbegu chotara za dukani, watoto hawatafanana na mzazi. Unaweza kupata marefu, mafupi na yale hueleweki ni nini. Kwa mboga ya nyumbani si shida. Kwa biashara, nunua mbegu mpya.

Mahakama, forodha na jemu

Sasa tuje kwa upande wa pili, juu huyo mbishi wa mboga pia ana mawakili.

Mwaka wa 1893, hii kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Amerika. Sheria yao ya ushuru ya 1883 ilikuwa inatoza asilimia 10 kwa mboga kutoka nje, lakini matunda yalipita bure. Mfanyabiashara mmoja wa New York, John Nix, alikuwa analeta nyanya na hakutaka kulipa. Akamshtaki Edward Hedden, mkubwa wa forodha wa bandari, akisema nyanya ni tunda. Majaji walikubali kwamba kwa sayansi nyanya ni tunda, na wakataja tango kwa orodha hiyo hiyo, pamoja na malenge, maharagwe na njegere. Halafu wakasema sheria ya ushuru inafuata lugha ya watu wa kawaida, na watu hula hizi vitu na chakula kikuu, si baada yake kama kitindamlo. Nix akapoteza.

Hadi leo forodha inafuata njia hiyo. Kwa orodha ya kimataifa ya bidhaa, ambayo pia ndiyo msingi wa ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tango liko sura ya 7, ile ya mboga, chini ya nambari 0707. Binamu yake tikiti maji yuko sura ya 8, ile ya matunda, nambari 0807, pamoja na papai. Familia moja, milango miwili.

Lakini ukivuka uende Ulaya, sheria yao ya jemu ya 2001 inasema kwa ajili ya kutengeneza jemu, tango lihesabiwe kama tunda. Usifurahi sana, juu sheria hiyo hiyo imehesabu karoti na viazi vitamu pia kama matunda. Hapo ndipo unaona sheria haiulizi mmea ulizaa nini. Inauliza tu hiyo kitu inaenda kufanya kazi gani.

Kagua sahani yako

Ukikutana na kachumbari, sasa unaweza kuikagua mwenyewe. Nyanya: ina vyumba na mbegu, tunda. Pilipili: fungua, mbegu ziko pale, tunda. Tango: tunda. Avokado kama imeongezwa: mbegu moja kubwa, tunda. Kitunguu: kata uone, ni tabaka za majani yaliyonenepa, hakuna mbegu, si tunda. Dania: majani na vikonyo, si tunda. Ndimu ya kukamulia: tunda.

Yaani kachumbari unayowekewa kwa smoki pasua ni saladi ya matunda yenye kitunguu na dania. Biringanya, bamia, malenge na zile maharagwe za kijani zenye maganda pia ziko upande huo huo, hata kama unazipikia nyama.

Kwa hivyo mtu akiuliza tena, usimpe jibu moja ukanyamaza. Muulize kwanza anauliza kwa niaba ya nani. Kama ni kwa niaba ya mama mboga, mpishi ama forodha, ni mboga. Kama ni kwa niaba ya mmea uliolizaa, mpe kisu apasue mwenyewe, ahesabu zile sehemu tatu za mbegu.